Shajara ya mradi wa Kusi: prologi ibaki au itoke

Jumanne, 6 Mei

Haya, drafti ya pili ya riwaya yangu imeisha juzi usiku. Maneno 118,000 na ushee, chapta 42, na mbele yake prologi moja ya maneno 2,900 ambayo ndiyo inanikosesha usingizi. Nimeamua wiki hizi sigusi kitu kingine chochote mpaka nijue kama hii prologi inakaa au inatoka, na nitaandika hapa kila hatua maana nikikaa nayo kichwani naishia kubadilisha koma.

Kwa anayeingia leo: stori ni fantasia, mji wa kubuni unaitwa Tumbwe, uko pwani kama pwani yetu lakini upepo wa kusi haupo. Umefungwa. Miaka 300 nyuma malkia mmoja aliufunga kwenye kamba yenye mafundo saba ili meli za adui zisifike, na tangu siku hiyo inavuma kaskazi tu mwaka mzima. Sasa mtu yeyote wa pwani anajua maana yake, kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Kwa hiyo Tumbwe meli zinafika ila hazirudi, na mji umejaa watu ambao babu zao walikuja kuuza tende wakabaki. Mhusika wangu anaitwa Kibibi, mshona mitepe, na kila mtepe wa Tumbwe umeshonewa ndani kipande cha ile kamba.

Mtepe sijautunga, ulikuwepo, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na tanga lake la mkeka. Mimi nililiona lile la mfano lililokuwa Beit al-Ajaib, Unguja, kabla jengo halijaporomoka upande mmoja Desemba 2020, na kwa kweli kitabu chote kilianzia pale, nimesimama naangalia mishono.

Sasa prologi. Inaanza hivi, naibandika bila kuisafisha: "Katika mwaka wa 12 wa utawala wa Malkia Mwana Hanja, bintiye Mfalme Shee Kombo wa Nyumba ya Mikoko, majahazi ya Wagunde yalikuwa yameizingira Tumbwe kwa miezi mitatu." Nimehesabu, majina matano kwenye sentensi moja, na kati ya hayo matatu hayaonekani tena mpaka katikati ya kitabu. Nilivyoiandika mwaka jana niliona ni nzito ya kifalme. Leo naona kama barua ya mkuu wa wilaya.

Alhamisi, 8 Mei

Kwanza jina la kitu chenyewe, maana nimebishana na shemeji saa nzima. Yeye anasema niite utangulizi. Nikamwambia shemeji utangulizi ni pale mwandishi anamshukuru mkewe na mchapishaji, haumo ndani ya stori. Dibaji nayo siku hizi vitabuni ni ile anayoandika profesa kukusifia. Mimi nasema prologi, kipande cha stori yenyewe ila kimekaa nje ya mstari wake, wakati mwingine, au mahali pengine, au macho ya mtu ambaye hutamwona tena. Hiyo ndiyo yangu: miaka 300 nyuma, macho ya malkia, na malkia amekufa zamani.

Leo nilifanya kazi moja ya kuchosha lakini imenifungua macho kuliko chochote. Niliprinti prologi, nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya kila jambo ambalo msomaji analijua kwa sababu ya prologi na kwa sababu hiyo tu. Mapambo sikuyahesabu, mambo tu. Yakawa sita. Kisha nikapitia kitabu kizima natafuta ukurasa wa kwanza ambao msomaji asingeelewa kinachoendelea bila jambo hilo. Sio ukurasa linapotajwa, ukurasa linapohitajika, hivi ni vitu viwili na nilivichanganya mwaka mzima.

Vita vya Wagunde: vinahitajika chapta ya 9, Kibibi anapofika ngome. Ukoo wa Mikoko: chapta ya 14. Kwamba mafundo ni saba: chapta ya 9 pia, na hapo mzee wa ngome anaeleza upya kila kitu, yaani nimelisema mara mbili. Kwamba upepo una sauti na unaweza kuongea: chapta ya 2. Kwamba malkia alitoa mtoto kama bei ya kufunga upepo, na mtoto huyo hakuwa wake: chapta ya 21, na hili nitalirudia maana ndilo donda lenyewe. La sita ni kwamba kusi haijawahi kuvuma tangu hapo na fundo la kamba halikatwi. Hili linahitajika ukurasa wa kwanza kabisa, maana chapta ya kwanza Kibibi anakata fundo.

Kwa hiyo nimembebesha msomaji mzigo wa maneno 2,900 ili apate jambo moja analolihitaji sasa, na mengine matano nimempa ayabebe kwapani kurasa mia na kitu. Halafu nashangaa kwa nini watu wananiambia "nimeanza lakini sijapata muda wa kuendelea."

Jumapili, 11 Mei

Nimepita kwa mjomba. Mjomba alikuwa mvuvi, sasa hivi anakaa barazani na kumsahihisha kila anayepita. Nimempigia shikamoo, nikaitikiwa, nikamsomea chapta ya kwanza ile ya zamani kwa sauti, bila prologi, kuona masikio yake yanachoka wapi. Alivumilia mpaka pale bibi yake Kibibi anapoanza, "Kama ujuavyo mjukuu wangu, miaka 300 iliyopita malkia wetu aliufunga upepo..."

Mjomba akainua mkono. "Ngoja. Huyo mtoto hajui?"

"Anajua mjomba."

"Sasa bibi anamwambia nani?"

Nikanyamaza. Jibu ni kwamba bibi anamwambia msomaji, na mjomba ameliona hilo kabla hata chai haijapoa. Hicho kipande nilikitia mwezi wa pili nilipojaribu kuifuta prologi mara ya kwanza, nikachukua yale mambo sita nikayamwaga kwenye mdomo wa bibi. Yaani sikuifuta, niliihamisha tu ikaingia chapta ya kwanza imevaa kanga. Na ni mbaya zaidi kuliko prologi maana angalau prologi haijifanyi ni mazungumzo.

Akaniambia jambo la pili, kwamba huyo binti anashona chombo kurasa tatu na hajatoka jasho. Kweli. Nimeandika mshono vizuri, matundu, kamba inavyopitishwa, vigingi vinavyogongwa kwenye tundu ili kamba ikaze, lakini hakuna mwili. Nimelinukuu.

Jumamosi, 17 Mei

Jaribio. Nimepata watu sita wa kusoma, watatu nimewapa prologi pamoja na chapta mbili, watatu chapta mbili bila prologi (na bila bibi wa "kama ujuavyo", huyo nimemzika). Nimewaomba wafanye kitu kimoja tu, pale wanapojiuliza swali waandike swali pembeni, na pale wanapoacha kusoma hata kwa kwenda kunywa maji waweke mstari.

Watu sita sio utafiti, najua, lakini nilichopata kinatosha kuniumiza.

Wale wa prologi: wawili wameweka mstari pale pale prologi inapoisha. Na nikiwaelewa vizuri sio kwamba prologi ni mbaya, mmoja kasema ameipenda, tatizo ni kwamba alikuwa ameshamzoea malkia, akafungua chapta ya kwanza akakuta binti asiyemjua chini ya chombo na miaka 300 imepita. Kwa maneno yake, "nilijiona nimeshushwa stendi." Alitakiwa aanze kitabu mara mbili, na ile ya pili hakuwa na hamu nayo. Nilipowauliza wanakumbuka nini kutoka prologi, wote watatu wamekumbuka mtoto kutupwa baharini. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka jina la malkia, wala Wagunde, wala idadi ya mafundo. Maneno 2,900 na kimebaki kitu kimoja.

Wale wasio na prologi waliingia haraka, mstari wa kwanza wa kupumzika uko mwisho wa chapta, safi. Lakini hapa ndipo furaha yangu ilipokatika. Rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri tu, kaandika pembeni ya ukurasa wa 31, "HEE UPEPO UNAONGEA?" Nikampigia. Akasema bana mimi nilijua nasoma riwaya ya historia, Lamu ya zamani au kitu kama hicho, nimeshajipanga hivyo kichwani, halafu ghafla upepo unamwita mtu jina, nikaona kama umenidanganya.

Na ana haki. Kurasa 30 za mtepe na kamba na dagaa, hakuna kitu hata kimoja cha ajabu. Prologi ilikuwa inafanya kazi ambayo mimi sikuihesabu na kalamu yangu nyekundu, kwa sababu haikuwa jambo la kujua. Ilikuwa inamwambia msomaji ajiandae, huku kwetu pepo zinafungwa kwa kamba.

Jumapili, 18 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa na hilo la jana.

Bibi yangu mimi, wa kweli, alikuwa akitaka kutoa hadithi anasema "Paukwa!" na sisi tunaitikia "Pakawa!" na baada ya hapo sungura akiongea hakuna mtoto aliyewahi kuuliza sungura anaongeaje. Hizo ni sekunde mbili. Hajatueleza historia ya msitu, hajataja ukoo wa fisi. Ametubadilisha masikio tu. Hata watunzi wa tenzi za zamani ukiangalia beti zao za kufungulia, wanamtaja Mungu, wanaomba karatasi na wino, ndipo wanaingia kwenye kisa. Sio taarifa za kisa, ni kumkalisha msikilizaji mkao.

Kwa hiyo nina kazi mbili ambazo ukurasa wa kwanza lazima uzifanye, yaani ajue kusi haivumi na fundo halikatwi, na akae mkao wa fantasia. Hizo ndizo prologi yangu ilikuwa inazibeba kwa shida chini ya majina yote yale. Swali ni kama sini ya kwanza ya stori inaweza kuzibeba peke yake.

Nikaenda kuangalia prologi ambayo inafanya kazi, ile ya A Game of Thrones ya George R. R. Martin, 1996, maana kila ninayebishana naye ananitajia hiyo. Walinzi watatu kule nje ya Ukuta wanakutana na kitu cha kutisha kwenye theluji. Mimi nilikuwa nakumbuka ile baridi na hofu, nikasahau kiungo: mmoja wao anaponyoka, na chapta ya kwanza kabisa tunamwona huyo huyo anakatwa kichwa kwa kosa la kutoroka, mtoto anaangalia. Msomaji anajua alikimbia nini, waliomkata hawajui. Prologi inalipa hapo hapo, kurasa chache tu baadaye, na hakuna aliyeshushwa stendi kwa sababu abiria mmoja kavuka naye.

Yangu hakuna anayevuka. Miaka 300, wote wamekufa. Anayevuka ni kamba peke yake, na kamba nimeitaja mara mbili tu kwenye prologi nzima, nilikuwa bize na Wagunde.

Alhamisi, 22 Mei

Majaribio mawili yaliyokufa, nayaandika haraka.

La kwanza, kuchukua sini ya mwisho, dhoruba, Kibibi juu ya mlingoti, niiweke mbele halafu "miezi sita kabla". Nimeiandika usiku mmoja, asubuhi nikaifuta. Ni ujanja wa filamu zetu nyingi na msomaji anaujua, anasoma zile kurasa zote za katikati akijua Kibibi hafi mpaka afike mlingotini. Na zaidi ya hapo dhoruba haina maana kwa mtu ambaye hajui upepo huo ulikuwa umefungwa.

La pili, prologi fupi, maneno 400, macho ya mtoto anayetupwa. Hii ilikuwa nzuri, nakiri, iliniliza mwenyewe. Lakini imefufua lile donda ambalo nimelikwepa tangu tarehe 8 kwa hiyo ngoja nilale kwanza.

Jumapili, 25 Mei

Donda lenyewe ni hili. Tumbwe nzima inaamini malkia alitoa mwanawe mwenyewe kufunga upepo. Kuna sikukuu yake, kuna kaburi tupu, wamama wanaapa kwa jina lake. Ukweli ni kwamba alitoa mtoto wa mshonaji, mwanamke aliyesokota ile kamba, na Kibibi anatokana na huyo mshonaji. Kibibi analijua hilo chapta ya 21.

Msomaji alijue lini?

Akilijua kwenye prologi, basi kurasa zote mpaka chapta ya 21 anasoma na mwiba kooni. Chapta ya 3 Kibibi anaweka ubani kwenye kaburi la mtoto wa malkia, na msomaji anataka kumshika mkono amwambie dada achana nalo, sio huyo. Hiyo ni nguvu kubwa na haiwezi kupatikana njia nyingine yoyote, kwa sababu hakuna mtu hai ndani ya stori anayejua. Ni prologi tu inayoweza. Hii ndiyo hoja pekee ya kuibakisha ambayo sijaweza kuipiga chini, mengine yote yalikuwa uvivu wangu.

Asipolijua, chapta ya 21 inampiga pamoja na Kibibi, kwa wakati mmoja, na ile sikukuu ya chapta ya 3 inabadilika rangi nyuma yake.

Niliorodhesha kila sini kati ya 1 na 21 ambayo ingekuwa na nguvu zaidi msomaji akijua. Nilitegemea kumi. Nimepata mbili, ubani wa chapta ya 3 na kiapo cha chapta ya 12. Kisha nikaorodhesha zile zinazoharibika akijua, na hapo nikashtuka, maana kuanzia chapta ya 15 mpaka 20 Kibibi anafanya uchunguzi, anauliza wazee, anafukua kaburi, na msomaji mwenye prologi anakaa anamsubiri afike mahali ambapo yeye alishafika ukurasa wa 6. Chapta sita za kumsubiri mtu. Ukiona mhusika wako anaonekana mjinga na hukumwandika mjinga, angalia kama hujampa msomaji jibu mapema mno.

Ningekuwa nimeandika stori ambayo Kibibi hachunguzi, anaishi tu na uongo unamkaribia taratibu, prologi ingebaki, na ningeitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini hiyo siyo stori niliyoandika.

Kwa hiyo inatoka. Nimeandika hapa ili nisijigeuke kesho.

Jumatano, 28 Mei

Kutoka imetoka, sasa zile kazi mbili nani anafanya.

Nimekwama siku mbili kwenye namna ya kuonyesha kitu ambacho HAKIPO. Upepo wa kusi haupo, nitaonyeshaje kutokuwepo kwake bila bibi kuja kuhutubia? Nilijaribu miti iliyoinama upande mmoja, nyumba zisizo na madirisha ya kusini, sawa ni nzuri lakini ni picha, msomaji anaipita kama anavyopita minazi.

Jibu limekuja jikoni kwetu, si mahali pa heshima sana. Jirani wa upande wa kusini alikuwa anakaanga dagaa na moshi wote unaingia kwetu, maana mwezi huu kusi ndiyo yenyewe inavuma. Mke wangu kalalamika kwamba kila mwaka msimu huu ni sisi tunakula harufu, ikirudi kaskazi ndiyo wao watakula yetu. Nikaacha sahani.

Tumbwe hakuna zamu. Miaka 300 moshi wa Mtaa wa Juu unashuka Mtaa wa Chini na haujawahi kurudi. Matajiri wanakaa upepo unakotoka. Mtaa wa Chini wanajua leo kwa sultani kuna pilau, Mtaa wa Juu hawajawahi kujua Mtaa wa Chini wanapika nini.

Mwanzo mpya, niliouandika nimesimama:

"Kibibi alikuwa chali chini ya tumbo la mtepe, kigingi mdomoni, jasho machoni, alipokata fundo asilotakiwa kulikata. Hakuna kilichotokea. Akatema kigingi. Kisha akasikia harufu ya dagaa wanaokaangwa Mtaa wa Chini, na hapo ndipo mkono ulipoanza kumtetemeka, maana tangu mji huu uwe mji harufu ya Mtaa wa Chini haijawahi kupanda juu."

Baada ya hapo moshi unageuka, wazee wanatoka majumbani wamesimama uani hawaongei, na ule upepo ukifika shingoni kwa Kibibi unamwita jina. Ukurasa wa pili. Zamani ilikuwa ukurasa wa 31. Kukata fundo nako kulikuwa ukurasa wa 14, nimekata kurasa 13 za mishono, nyingine nimezipeleka chapta ya 2 ambapo Kibibi anajaribu kulifunga tena na hapo kila tundu na kila kigingi kina maana kwa sababu tunataka afanikiwe.

Na jasho lipo, mjomba.

Jumamosi, 31 Mei

Nimewapa wasomaji wapya wanne, sikutaka wale wa mwanzo maana wameshachafuka. Maswali ya pembeni safari hii nimeyasoma kwa jicho lingine. Kuna swali la mtu aliyepotea, "huyu ni nani tena?" au "tuko wapi?", na kuna swali la mtu mwenye kiu, "kwani nani aliufunga upepo?" Mwanzoni nilikuwa naona swali lolote ni kosa langu nakimbilia kulijibu, ndivyo prologi ilivyozaliwa kwa kweli. Safari hii aliyepotea ni mmoja, mahali pamoja, hakuelewa Mtaa wa Chini uko upande gani wa upepo, nimeongeza nusu sentensi. Wenye kiu wote wanne, na wote wanauliza jambo lile lile la malkia. Hakuna aliyedhani ni riwaya ya historia.

Mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili amesoma pia. Nilikuwa nimeweka ubeti mmoja peke yake kabla ya chapta ya kwanza, kama pambo:

Upepo tuliufunga
kwa kamba tuliyosonga
fundo la tatu ni kunga
mkono usiliguse

(Kamba husokotwa, najua, kina kimenibana.) Mwalimu akahesabu mizani kwa vidole, nane nane, akaridhika, halafu akaniambia, "Mwanangu, umeitoa prologi mlangoni ukairudisha dirishani." Nikamwambia ni mistari minne tu mwalimu. Akasema hata ingekuwa miwili, huo ubeti unamwambia msomaji fundo halikatwi, na sentensi yako ya kwanza inamwambia hivyo hivyo, kwa nini aambiwe mara mbili kabla hajageuza ukurasa?

Sikumjibu pale pale ila nimekuja kuutoa. Nimeuhamishia chapta ya 2, watoto wa Mtaa wa Chini wanaruka kamba wanauimba, na Kibibi anapita na kile kipande kiko mfukoni. Naona pale umekaa vizuri kuliko ulivyokuwa umekaa mbele peke yake kama bango.

Yaliyobaki: prologi ya zamani iko kwenye faili `malkia_v4.docx`, maneno 2,900, na chapta ya 21 inahitaji karibu 1,200 kati ya hayo. Shida ni macho. Ilikuwa ya malkia, na chapta ya 21 malkia hayupo, yupo Kibibi na kaburi lililofukuliwa na upepo unaoongea. Kwa hiyo upepo ndio utasimulia. Sijui bado upepo unajiita "mimi" au "sisi". Na vita vya Wagunde vimebaki bila makazi, chapta ya 9 mzee wa ngome anaweza kuvisema lakini huyo mzee tayari anaongea sana.

Wiki ijayo naanza na sauti ya upepo, mzee atasubiri.